Deni Lililosamehewa Kaburini

Siku niliyokwenda kurudisha kizimba changu cha biashara nilivaa shati langu la Idi. Jirani yangu wa sokoni, mama muuza ndizi ambaye meza yake inatazamana na yangu, aliponiona nakatiza akapiga kigelegele mpaka wateja wakageuka.

"Bwana harusi huyo! Posa inapelekwa wapi?"

"Ofisini, mama. Leo naachana na soko."

"Wenzio wakiachwa hulia, wewe wavaa shati jipya! Huna haya."

Nilicheka, kwa sababu nilikuwa na furaha ya kweli. Nilikuwa nimeuza nazi katika soko lile la Bagamoyo tangu nilipoacha shule nikiwa kidato cha pili. Baba alitangulia tukiwa wadogo, mama akafuata baada ya kuugua kwa muda mrefu, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa wanne. Kizimba kilikuwa cha mama. Nilikirithi pamoja na mbuzi ya kukunia nazi, vikapu viwili na wadogo zangu watatu. Sasa wadogo wote walikuwa wamesimama kwa miguu yao, na mimi nilikuwa nimejenga chumba na fremu ya duka Mapinga, kando ya barabara, mahali ambapo watu wanaofanya kazi mjini wananunua viwanja na hawana muda wa kukuna nazi. Ilibaki kuweka mlango wa chuma tu. Kila asubuhi nilikuwa naliacha duka langu mwenyewe na kusafiri kwenda kulipia kodi kizimba cha halmashauri. Nikaona imetosha.

Kuacha kizimba si kufunga na kuondoka. Mkataba unataka utoe taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla, ulipe kodi mpaka mwezi wa mwisho, uondoe vyako, ukabidhi ufunguo. Usipofanya hivyo kodi inaendelea kuhesabiwa hata kama ndani wamelala paka. Wengi hawarudishi. Wanamwachia mtu kimyakimya, anawapa kilemba, yaani fedha ya kupishwa, kisha anaendelea kufanya biashara kwa jina la aliyeondoka. Yule mama wa ndizi alikuwa ameniambia mapema, "Usiwe mjinga. Yupo kijana wa viazi ana kilemba kizuri, yupo tayari leo hii." Nilimjibu kwamba kizimba si changu hata nikiuze. Barua nilikwisha kuipeleka, na mwezi wa taarifa ulikuwa unakaribia kwisha.

Ofisi ya soko ni chumba kimoja chenye meza mbili na feni isiyozunguka. Afisa masoko alikuwa binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, mpole, anayepiga chapa haraka bila kutazama vidole. Nilimpa nakala ya barua yangu na ya mkataba. Akaniambia niketi.

"Kaka, wewe ni mtu safi," alisema akitazama kompyuta. "Umebakiza mwezi huu tu. Ukilipa huu, upande wako umekwisha."

"Nipe namba ya malipo nilipe sasa hivi."

Akaanza kuiandaa, halafu akasita. Akasogeza kiti karibu na kioo. Kisha akataja jina la mama yangu, lake na la baba yake, yote mawili.

Sijui nieleze vipi. Jina lile sikuwa nimelisikia likitamkwa kwa miaka. Nyumbani alikuwa mama. Sokoni alikuwa Mama Nazi. Jina kamili lilitajwa mara ya mwisho siku ya mazishi, na sasa lilitoka kinywani mwa binti ambaye hakuwahi kumwona, kwa sauti ile ile anayotajia mtu aliyepo, anayeweza kuitika kutoka nje.

"Huyu ni nani wako?"

"Mama yangu. Marehemu."

"Pole sana, kaka. Na hili deni lake mlijua?"

Nikadhani ananitania. "Deni gani?"

"La kizimba hiki hiki. Kodi ya kabla yako. Naona ni miezi mfululizo, halafu ikakatika."

Miezi ile niliijua bila kuambiwa. Ndiyo miezi aliyolala ndani, kizimba kikiwa kimefungwa, mimi nikienda shule asubuhi na kumbeba kumpeleka hospitali jioni.

"Hadaiwi," nilisema. "Alisamehewa."

"Alisamehewa na nani?"

"Na soko. Kaburini."

Binti yule aliniangalia. Hakucheka, na afadhali angecheka. "Kaka," alisema polepole, "soko haliendi kaburini."

Basi nikamweleza, na nikieleza nilikuwa nasikia masikio yangu yakiwaka moto. Kwetu, maiti hazikwi kabla watu hawajaulizwa. Mama aliposaliwa, mjomba alisimama mbele ya safu, akanivuta mkono, mimi nikiwa bado na sare ya shule chini ya kanzu ya kuazima. Akasema, "Anayemdai marehemu aje kwa huyu mwanawe mkubwa, au amsamehe." Kisha mwenyekiti wa wafanyabiashara wa wakati ule akajitokeza, mzee mnene aliyeheshimiwa na kila mtu, akasema kwa sauti, "Sisi watu wa soko tulikuwa tunamdai. Tumemsamehe duniani na Akhera." Watu wote wakaitikia. Mjomba akanibana bega. Nilikuwa mtoto, lakini nililielewa tendo lile kuliko mambo yote ya siku ile. Mama alishuka kaburini mwepesi. Kila nilipochoka, kila mwezi wa masika nazi zilipoota na wadogo wakataka ada, nilijiambia, angalau yeye amepumzika, hadaiwi na mtu.

Afisa alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mwenyekiti wa wafanyabiashara huchaguliwa na wafanyabiashara kuwasemea. Kodi ni ya halmashauri. Hata yeye mwenyewe, hata bosi wake, hawana uwezo wa kusamehe hata mwezi mmoja. Kufuta deni ni barua, vielelezo, kamati, mpaka baraza la madiwani likubali. Walipohamisha kumbukumbu za zamani kuingiza kwenye mfumo, madeni yote yalihamishwa nayo, na hili lilikuja na jina lake.

"Mbona sikuwahi kuliona? Nalipa kila mwezi."

"Unalipa kwa akaunti yako. Wewe ulipewa mkataba wako kwenye uhakiki wa wapangaji, ukafunguliwa akaunti yako. La mama lilibaki kwake. Leo nimeliona kwa sababu kizimba kinaporudi natafuta kwa namba ya kizimba, siyo kwa jina."

Halafu akasema jambo ambalo najua alilisema kwa wema. "Usiogope. Hili si deni lako. Wewe hukusaini. Nitakipokea kizimba, na hili litabaki huko huko kwa jina lake. Au uandike barua, uambatanishe cheti cha kifo, tuombe lifutwe. Ila sikuahidi lini, wala kama watakubali."

Litabaki huko huko kwa jina lake. Nilimwomba asiandae chochote kwanza. Nilisimama nikagonga kiti, nikatoka.

Mama wa ndizi aliniona. "Mbona bwana harusi karudi mikono mitupu? Wakwe wamekataa?"

Nilijaribu kumjibu kwa mzaha, lakini mzaha haukuja. Nilikaa juu ya kikapu changu nikaendelea kukaa. Mteja alikuja akataka nazi mbili zikunwe, nikamkunia moja, akanikumbusha.

Nilimpigia simu dada yangu anayenifuata, aliyeolewa Bagamoyo hapo hapo. Alikuja bado na aproni ya jikoni. Nilipomaliza kueleza, alishika kichwa, halafu akakasirika, kwa sababu yeye mshtuko wake hugeuka hasira.

"Halmashauri inamdai maiti? Haina aibu?"

"Haijui kama ni maiti. Inajua ni mpangaji."

"Basi waachie mfumo wao. Serikali haina roho, kaka. Haitamsimamisha mtu Siku ya Kiyama. Wewe umetulea, umejenga, weka mlango wako uanze biashara. Au mchukue huyo wa kilemba, ulipe kwa hela yake."

"Nilipe deni la mama kwa fedha ya kuuza kitu kisicho changu?"

Akafungua aproni yake, akaikunja. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Sisi wanawake hatukuwepo kule makaburini. Tuliletewa habari tu, kwamba amesamehewa. Mimi nililala usingizi siku ile kwa ajili ya neno hilo."

Kesho yake nilipanda bodaboda kwenda upande wa Makurunge, ambako mwenyekiti yule wa zamani analima mihogo baada ya kuacha biashara. Njiani nilikuwa nimepanga maneno makali. Nilimkuta amekaa kwenye gunia mwanzoni mwa tuta, jembe kando, amekonda hata sikumtambua mara moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Eh! Mtu wa nazi! Umekuja kununua minazi yangu? Imekwisha, wadudu wa chonga wameila, nimebaki mimi tu kusimama."

Nilikaa chini. Maneno makali hayakutoka. Nilimwambia tu jinsi ilivyokuwa, kwamba narudisha kizimba na deni la mama lipo, halijafutwa hata senti.

"Lipo wapi?"

"Halmashauri."

"Lakini nilisema."

"Ulisema, mzee. Nilikuwepo."

"Nilisema mbele ya watu, tumesamehe. Nilikuwa mwenyekiti."

"Deni halikuwa lako, mzee."

Aliinua mkono kama anayetaka kunikatiza, halafu ukabaki hewani. Nilimtazama usoni nikaona kitu kinamshukia, taratibu, kuanzia machoni. Nilikuwa nimekwenda kule nikiamini alijua alichokifanya, kwamba aliwafurahisha wafiwa akasahau. Hakujua. Miaka yote ile hakuwa amejua.

"Wakati ule," alisema, "ushuru ulipitia mikononi mwetu. Mkusanyaji akija tunamwambia, huyu mgonjwa, mruke, anamruka. Huyu kafiwa, mruke. Nikaona kuruka na kusamehe ni kitu kimoja." Akafuta paji la uso kwa shati. "Mali ya watu wote. Mtu mmoja atasamehe vipi mali ya watu wote? Hata madrasa tulifundishwa. Nilisimama mbele ya jeneza nikagawa cha watu."

"Mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "unadhani ni mama yako peke yake?"

Nikamwangalia.

"Nimekuwa mwenyekiti vipindi vingi. Watu wa soko wanakufa kama wengine. Kila penye deni nilisimama. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikijivunia. Watu walikuwa wananiambia, mzee, ukifa wewe atatusamehe nani." Akaanza kuwataja, mmoja mmoja, kwa majina ya biashara zao: wa chumvi, wa kuku, fundi viatu wa mlangoni. Katika majina yale akamtaja muuza ndizi. Mume wa jirani yangu.

Nadhani nilisema "Hapana" kwa sauti. Yule mama aliichukua meza ya mumewe kama mimi nilivyochukua ya mama. Aliwahi kuniambia, tukiwa tunakunja maturubai mvua ikija, kwamba marehemu hakumwachia kitu, lakini alimwachia usingizi, maana alizikwa bila deni.

"Usimwambie wewe," mzee alisema. "Neno lilitoka kwangu. Nipe siku nijikokote, nitakuja."

Nilirudi Mapinga. Fundi alikuwa amenitumia picha ya mlango wa chuma uliokwisha kuchomelewa, akiuliza lini aje kuupachika. Fedha yake nilikuwa nayo. Nilimpigia nikamwambia auze kwa mwingine, mimi nitaweka mbao kwanza. Akasema, "Bosi, mbao Mapinga? Wezi watakushukuru." Nikamwambia nitalala dukani.

Nilipokwenda ofisini nilimwomba afisa namba mbili za malipo, ya kwangu na ya mama. Hakuniuliza kitu. Nililipa ya kwangu kwanza kwa simu, kisha ya mama. Ya mama ilipokubali, ujumbe uliingia ukisema malipo yamepokelewa, na jina la mlipaji lilikuwa lake. Siyo langu. Aliyelipa ni yeye. Niliusoma nikiwa nimesimama mlangoni mwa ofisi, watu wakinipita na mafurushi, nikashika mhimili. Afisa alidhani malipo yamekataa. "Yamekubali, kaka, nayaona hapa," alisema. Akafungua akaunti ya mama kwenye kompyuta akanigeuzia kioo. Deni lilikuwa sifuri.

Ilibaki kukabidhi. Nilishusha rafu zangu, nikang'oa mashine ya kukunia nazi iliyofungwa kwa nati sakafuni. Msimamizi wa soko alipokuja kukagua akaonyesha matundu manne niliyoyaacha. "Ulikabidhiwa sakafu nzima, rudisha sakafu nzima." Nikaenda kuomba saruji kwa mafundi waliokuwa wanajenga ng'ambo, nikaziba kwa kijiko. Akakanyaga kwa kisigino pembeni, akaridhika. Akasoma namba ya LUKU, mita ya umeme, akahakikisha haina deni. Tulisaini karatasi za makabidhiano, moja akanipa mimi, na nikamkabidhi ufunguo. Afisa akasema kizimba kitatangazwa, na mwenye kukitaka ataomba kama wengine.

Tulikuwa bado ofisini mzee alipoingia. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, ameshikwa mkono na dereva wa bajaji. Alimwamkia binti yule kabla hajaamkiwa, na binti akaona haya, akasimama kumpa kiti.

"Mwanangu," alimwambia, "nina majina hapa kichwani. Nataka unitazamie nani bado yumo."

"Mzee, siwezi kukupa taarifa za watu. Mpaka waje warithi wenyewe."

Mzee aliiweka kofia yake sawa. "Ni haki yako. Basi nitawaita wao." Akanigeukia. "Niitie yule mama."

Nilikwenda. Alikuwa anapanga mkungu, akimtukana kwa mapenzi mteja aliyetaka kupunguziwa. Nilimwambia anaitwa ofisini.

"Nimeshtakiwa nini tena? Kama ni yule mgambo, mwambieni ndizi alikula mwenyewe." Alikuja akifuta mikono kwa kanga, na mlangoni alipomwona mzee akafurahi sana. "Mwenyekiti wangu! Shikamoo! Nani kakutoa shamba?"

Mzee hakuitikia marahaba. Alimwambia palepale akiwa bado amesimama, bila kuzungusha maneno, kwamba ile siku ya mumewe alisamehe kisichokuwa chake, kwamba huenda deni lipo, na kwamba amekuja kumwomba radhi. Sauti ilikatika mara mbili, akaanza tena.

Yule mama, ambaye sikuwahi kumwona akikosa jibu, alitutazama mmoja baada ya mwingine: mzee, binti, mimi. Alinitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. Nadhani alitaka nicheke, nimwambie ni utani wa kuagana.

"Na la mama yako?" aliniuliza.

"Lilikuwepo. Nimelilipa."

Akaketi. "Miaka yote hii," akasema, "kumbe ananisubiri."

Feni ile mbovu ilitikisika kwa upepo wa mlangoni. Kisha akajifunga kanga upya, kwa nguvu, kama anayetaka kunyanyua mzigo, akamwambia binti, "Haya. Tazama jina lake." Na bila kunigeukia akasema, "Wewe, nenda kanishikie meza. Wataniibia."

Nilikwenda nikasimama nyuma ya ndizi zake. Mbele yangu kizimba chetu kilikuwa wazi, kimefagiliwa, na viraka vinne vya saruji mbichi sakafuni. Mteja akaja akashika chana, akauliza bei. Nilikuwa nimekaa mkabala na ndizi zile ujana wangu wote, nami nikagundua bei yake siijui. Nikamwambia asubiri, mwenyewe yuko ndani.